Mti Unaovua Majani Mahindi Yakiota

Mvua za kwanza zinaponyesha katika tambarare za Malawi ya kati, kati ya Novemba na Desemba, kila mti huanza kuchipua isipokuwa mmoja. Huo uliokuwa wa kijani kipindi chote cha kiangazi, huku ng'ombe wakijibanza chini yake kukwepa jua, sasa huanza kupukutisha majani. Wakati mahindi yamefika magotini, mti umebaki matawi matupu, na mpita njia asiyeujua anaweza kudhani umekufa. Mkulima anaujua. Amelima mpaka kwenye shina lake, na mara nyingi mahindi yaliyo karibu na shina hilo ndiyo yenye rangi ya kijani iliyokolea kuliko yote shambani.

Wamalawi huuita msangu, Wazambia musangu, Wahausa wa Niger na Nigeria gao. Kwa Kiswahili ni mkababu, ingawa maeneo mengi huujumlisha tu na migunga mingine. Jina lake la kitaalamu ni Faidherbia albida. Unapatikana kuanzia Senegal, ukipita kwenye ukanda mkavu wa kusini mwa Sahara, ukashuka Ethiopia, Kenya na Tanzania hadi kusini mwa bara. Hupenda zaidi mabonde, kingo za mito ya msimu na udongo wenye kina.

Kwa miaka mingi wataalamu wa kilimo mseto wamekuwa wakiutaja mti huu kama mfano wa mti unaokaa vizuri na mahindi. Sifa hiyo ina ukweli, lakini imekuwa ikielezwa kwa ufupi mno: mti unanasa naitrojeni hewani, unarutubisha udongo, mavuno yanaongezeka. Mkulima akiishia hapo anaweza kupanda mti wowote wa jamii ya mikunde katikati ya mahindi, kisha baada ya miaka mitano akaukata kwa hasira. Miti inayonasa naitrojeni ni mingi. Inayoweza kusimama ndani ya shamba la mahindi bila kuyanyonya ni michache sana, na tofauti iko kwenye kalenda ya majani yake.

Mahindi ni mmea wa jua kali. Hutengeneza chakula chake kwa namna inayohitaji mwanga mwingi, na hayashibi mwanga mapema kama maharage au kahawa. Ukiyanyima jua wakati wa kutoa mbelewele na kujaza punje, bua hurefuka na kuwa jembamba, na gunzi hubaki fupi lenye nafasi tupu nchani. Kwa hiyo mti wowote unaobeba majani mengi kuanzia Januari hadi Machi, katika nchi zenye msimu mmoja wa mvua, unamwibia mahindi mwanga katika wiki ambazo hayawezi kuukosa. Majani yake yaliyooza yanaweza kuwa na naitrojeni tele, lakini mbolea haisaidii mmea uliokosa jua la kuitumia.

Kisha kuna mizizi. Miti mingi, hata ile yenye mzizi mkuu unaokwenda chini, hutandaza mizizi midogo katika sentimita 30 au 40 za juu, na huko ndiko sehemu kubwa ya mizizi ya mahindi iliko. Mvua ikiwa nyingi, hakuna ugomvi. Ikikatika kwa wiki mbili, mti na mahindi hunywa kutoka kwenye chungu kimoja, na mti wenye umri wa miaka kumi hauwezi kushindwa na mmea wa siku hamsini.

Hili lilionekana wazi katika utafiti uliolinganisha miti mitatu ndani ya mashamba ya nafaka nchini Ethiopia na Rwanda. Huko Meki, kwenye Bonde la Ufa la Ethiopia, mahindi yalilimwa chini ya mgunga wa mwavuli, ule wa kilele bapa unaojulikana na kila aliyepita Serengeti. Huko Bugesera, Rwanda, yalilimwa chini ya mgrivelia. Mgrivelia haunasi naitrojeni, mgunga unanasa, lakini majibu yalifanana: mahindi ya chini ya miti yote miwili yalitumia mbolea vibaya zaidi na kuzaa kidogo kuliko mahindi ya peupe yaliyopewa mbolea ileile. Mkababu, uliopimwa pamoja na ngano nchini Ethiopia, ulikwenda njia yake. Ngano iliyokuwa chini yake ilizaa vizuri, tena haikuonyesha haja kubwa ya kuongezewa naitrojeni ya dukani. Mgunga wa mwavuli na mkababu ni ndugu wa karibu. Zamani wataalamu wa mimea waliviweka vyote katika kundi moja la akasia. Ndugu mmoja anabeba majani wakati wa mvua, mwingine anayavua.

Kuyavua huko kunatatua matatizo mawili kwa mpigo. Matawi matupu huzuia mwanga kidogo tu, na mti usio na majani haunywi maji kwa kiwango cha kushindana, kwa kuwa ni majani yanayovuta maji kutoka mizizini na kuyatoa hewani. Nchini Burkina Faso, watafiti waliofuatilia mikababu walikuta kwamba wakati wa kiangazi, mti ukiwa umejaa majani, hutegemea maji ya chini ya ardhi yaliyokuwa mita kadhaa kutoka juu. Nchini Senegal, watafiti wengine walichimba chini ya mti huu na kukuta bakteria wanaoshirikiana na mizizi yake katika kina cha mita 34, pembeni mwa maji. Huo ni urefu wa jengo la ghorofa kumi. Mahindi hayawezi kabisa kugombania maji ya huko.

Sasa rutuba yenyewe. Majani yanapodondoka mwanzoni mwa mvua, yanaoza haraka kwa sababu udongo una unyevu na joto. Vipimo vilivyofanywa Malawi ya kati na kuchapishwa mwaka 1995 vilionyesha kwamba katika mwezi wa kwanza wa mvua, udongo wa chini ya msangu ulitoa naitrojeni mara kadhaa zaidi ya udongo wa nje ya matawi, na pia ulihifadhi unyevu zaidi katika tabaka la juu. Mwezi huo ndio mwezi mahindi yanapoota. Mkulima anayechelewa kupanda kwa wiki tatu baada ya mvua kushika anaikosa sehemu ya naitrojeni hiyo, kwa kuwa mvua kubwa huisukuma chini zaidi ya mizizi michanga.

Lakini si sahihi kudhani kwamba naitrojeni yote hiyo imetoka hewani. Vipimo vya Afrika Magharibi vinauonyesha mkababu kuwa mnasaji wa wastani, wala si hodari kama miti mingine ya mikunde. Sehemu ya rutuba yake inatoka chini, ikivutwa na mizizi mirefu na kurudishwa juu kwa njia ya majani. Sehemu nyingine inaletwa kwa miguu. Maganda ya mti huu, ya rangi ya machungwa na yaliyojikunja kama ganda la tunda lililomenywa, hukomaa na kuanguka kiangazi, wakati malisho yamekwisha. Mbuzi na ng'ombe huyafuata, hula, hulala kivulini, na huacha samadi hapo hapo. Wakati wa mvua wanyama wameondoka na mahindi yanachukua nafasi yao. Yaani rutuba iliyoko chini ya mti wa jirani mmoja huenda imelishwa na majani ya malisho ya kijiji kizima. Anayezungushia shamba lake uzio asipitishe mfugo hata mmoja kiangazi asitarajie matokeo yaleyale anayoyaona kwa mwenzake.

Kuna shaka nyingine ambayo watu wa miradi hawapendi kuizungumzia. Je, mti ndio ulioleta rutuba, au mti uliota pale kwa sababu rutuba ilikuwapo? Mwaka 1991 wataalamu wa mti huu walikutana Niamey, Niger, na baadhi yao walionyesha ushahidi kwamba katika mashamba ya utafiti ya huko, mikababu ilikua vizuri zaidi karibu na vichuguu vya mchwa, pale ambapo udongo ulikuwa na mfinyanzi na virutubisho zaidi hata kabla ya mti. Wakulima wanaopanda mboga kwenye kichuguu kilichobomoka hawatashangaa. Maana yake ni kwamba ukilinganisha mahindi ya chini ya mti mkubwa na ya mita 20 kutoka hapo, tofauti unayoiona haitokani na mti peke yake. Sehemu yake ni udongo uliokuwa mzuri tangu zamani. Ni kiasi gani, inategemea shamba, lakini ni busara kukata kidogo kila namba unayoambiwa.

Namba zenyewe ni kubwa. Zambia, ambako kitengo cha kilimo hifadhi cha chama cha wakulima kiliwahimiza watu kupanda musangu, vipimo vya mwaka 2008 vilionyesha mahindi yasiyo na mbolea ya dukani karibu na miti yakitoa wastani wa tani 4.1 kwa hekta, na ya nje ya matawi tani 1.3. Katika nyanda za juu za Hararghe, mashariki mwa Ethiopia, utafiti uliochapishwa mwaka 1986 ulikuta ongezeko la asilimia 76 kwa mahindi. Namba ya Zambia ndiyo iliyozunguka zaidi kwenye vipeperushi, na wengi waliisoma kana kwamba shamba zima litazaa mara tatu.

Haiwezi kuwa hivyo, na hesabu yake ni rahisi. Chukua ekari moja, mita za mraba kama 4,047, yenye mikababu kumi iliyokomaa ambayo matawi yake yanafunika mduara wa mita 12 kila mmoja. Mduara wa namna hiyo una mita za mraba kama 113, kwa hiyo miti kumi inafunika takriban 1,130, chini kidogo ya asilimia 28 ya ekari. Sehemu iliyobaki inazaa kama kawaida. Ukichukua tani 1.3 kwa hekta kuwa mavuno ya shamba lisilo na mti wala mbolea, ekari hiyo inatoa gunia 5 na ziada kidogo, gunia likiwa la kilo 100. Ukiingiza namba ya Zambia kwenye sehemu ya chini ya miti, ekari inapanda hadi gunia 8 na kitu. Ukiingiza asilimia 76 ya Hararghe, inaishia gunia 6 na nusu hivi. Kwa hiyo mikababu kumi iliyokomaa inamletea mkulima kati ya gunia moja na tatu za ziada kwa ekari kila mwaka, bila kununua mfuko wa mbolea. Si kidogo kwa mtu anayevuna gunia tano. Lakini hazifiki gunia kumi na sita, na aliyeahidiwa hizo ataona amedanganywa.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini Zambia walipendekeza mita 10 kwa 10, ambayo ni miti 100 kwa hekta au 40 kwa ekari. Miti 40 ikikomaa ingefunika karibu ekari nzima. Wapandaji walijua pia kwamba mingi itakufa njiani, kwa hiyo ni afadhali kuanza na mingi na kupunguza baadaye.

Njia yenyewe ni ndefu, na ndipo wengi wanapoachia. Mkababu unaanza kulipa wastani wa miaka 12 hadi 15 baada ya kupandwa. Miaka ya mwanzo hukua kwa kushuka: juu unaona kichaka cha kimo cha goti, chini mzizi mkuu umeshazama mita kadhaa. Mpaka mzizi huo ufikie maji ya kudumu, mti mchanga haufuati kalenda ya wakubwa wake. Unaweza kubaki na majani katikati ya mvua, na hapo unashindana na mahindi kama mti mwingine wowote. Mkulima anayekagua mche wa miaka mitatu Februari na kukuta una majani mabichi asiseme kauziwa mbegu bandia. Lakini mti wa miaka kumi ukiendelea kubeba majani mvua nzima, kuna jambo chini: mwamba au tabaka gumu limezuia mzizi, au maji yako mbali mno. Mahali pa namna hiyo mti hautakuwa rafiki wa mahindi, na ni bora uachwe mpakani.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha eneo hakihitaji maabara. Ni kutembea kijijini wakati mahindi yametoa mbelewele na kuitazama mikababu mikubwa iliyopo. Kama imevua majani, udongo huo unaikubali. Kama imebaki ya kijani, au kama hakuna hata mmoja katika eneo lote, kuwapanda mamia ni kubahatisha. Jambo hili lina uzito zaidi kwa maeneo ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania yenye vuli na masika. Mti unaojua kiangazi kimoja kirefu na mvua moja ndefu ndio uliosifiwa katika vitabu, na mahindi ya vuli na ya masika yanahitaji mti uwe uchi mara mbili kwa mwaka.

Kupanda kwake kuna mitego miwili. Mbegu ina ganda gumu lisilopitisha maji, kwa hiyo huchunwa kidogo kwa kisu au jiwe upande ulio mbali na kiini, au humwagiwa maji ya moto na kuachwa humo yapoe usiku mzima. Bila hivyo itaota mmoja mmoja kwa miezi. Mtego wa pili ni kiriba. Mzizi mkuu hugusa kitako cha kiriba katika wiki chache na kuanza kujizungusha, na mche wa namna hiyo ukipelekwa shambani hushindwa kuzama. Hivyo miche hupelekwa mapema, ikiwa na umri wa miezi mitatu hivi, au mbegu hupandwa moja kwa moja shambani mvua zikishika. Baadaye adui ni plau na mbuzi. Mche wenye urefu wa shubiri moja katikati ya magugu hauonekani na dereva wa trekta wala mwenye maksai, na kigingi kirefu chenye kitambaa chekundu kando ya kila mche kimeokoa miti mingi kuliko mafunzo. Miiba nayo isidharauliwe. Mti mchanga una miiba miwili miwili, iliyonyooka na mikali, na matawi yake ya chini humchoma anayepalilia. Yakatwe mapema kutoka theluthi ya chini ya mti, nayo yatumike kuzungushia mche mwingine.

Njia rahisi zaidi ni kutopanda kabisa. Katika mashamba mengi yaliyowahi kuwa na mikababu, visiki na mizizi bado vipo ardhini, na kila mwaka hutoa machipukizi ambayo jembe huyafyeka. Kuanzia miaka ya 1980 nchini Niger, hasa mkoa wa Maradi, wakulima walianza kuchagua machipukizi machache yenye nguvu, kuyapunguzia matawi na kuyaacha yakue kati ya mtama na uwele, na mamilioni ya hekta yamepata miti kwa namna hiyo. Tanzania njia hiyo inafahamika Dodoma kwa jina la Kisiki Hai. Chipukizi la kisiki lina mzizi wa mzee, kwa hiyo linafika kwenye hali ya mti mzima haraka kuliko mche, na halidai maji ya kumwagilia.

Kwa mkulima asiye na miaka 15 ya kusubiri, au ambaye udongo wake haukubali mkababu, kuna gliriseria, mti wa asili ya Amerika ya Kati unaokua haraka na kunasa naitrojeni vizuri. Huu haujui kuvua majani kwa faida ya mahindi, kwa hiyo panga ndiyo inayofanya kazi hiyo. Katika kituo cha utafiti cha Makoka, wilaya ya Zomba nchini Malawi, ulilimwa pamoja na mahindi kwa zaidi ya miaka kumi, mita 1.5 kati ya mistari na sentimita 90 kati ya shina na shina, miti kama 7,400 kwa hekta. Kila mwaka miti ilikatwa hadi kisiki kifupi kabla ya kupanda, majani yakafukiwa kwenye matuta, kisha ikakatwa tena mahindi yakiwa yanakua. Bila mbolea ya dukani, mavuno yalikuwa wastani wa tani 3.7 kwa hekta, wakati sehemu zisizo na mti wala mbolea zilitoa kati ya nusu tani na tani moja.

Makoka inavutia, lakini tazama kazi yake. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Majani makavu ya gliriseria yana naitrojeni asilimia 3 hivi, kwa hiyo ili kuufikia mfuko huo unahitaji kama kilo 770 za majani makavu, ambazo zikiwa mbichi ni karibu tani tatu, za kukata, kutandaza na kufukia kwa ekari moja, na mahindi hayatapata yote msimu huohuo. Pia tarehe za kukata haziahirishwi. Mkata wa pili ukichelewa kwa sababu kuna msiba au kibarua kwingine, machipukizi yanayapita mahindi kwa urefu ndani ya wiki chache, na rafiki anageuka mshindani wa mwanga na maji kwa pamoja. Katika maeneo makavu kama Kongwa, ambako watafiti na wakulima wamejaribu kuuchanganya na mahindi pamoja na mbaazi, kosa hilo huadhibiwa haraka zaidi. Kwa familia yenye mikono mingi na shamba dogo, gliriseria inalipa. Kwa mwenye ekari kumi na kibarua wa kulipwa, mkababu uliojiotea ni bora, hata kama ni polepole.

Mti wowote mkulima atakaouchagua, mahindi yenyewe humwambia kinachoendelea, mradi ayasome vizuri. Njaa ya naitrojeni huanzia majani ya chini: ncha hugeuka njano, na unjano hufuata mshipa wa katikati kurudi kwenye bua. Ikionekana karibu na mti, majani ya mti huo hayarudi udongoni, pengine kwa sababu matawi yake hukatwa yote kwa ajili ya mbuzi wa nyumbani na samadi haipelekwi shambani. Kivuli kina dalili tofauti: bua refu jembamba, majani yasiyo na rangi ya kukolea toka juu hadi chini, mbelewele inayochelewa kwa siku kadhaa nyuma ya ya wenzake. Ushindani wa maji huonekana saa nne au tano asubuhi katika siku kavu, pale majani ya mahindi yaliyo karibu na mti yanapojikunja kama sigara huku ya mbali yakiwa bado yametandazika. Na majani ya chini ya mahindi machanga yakiwa na rangi ya zambarau, hiyo ni njaa ya fosforasi, ambayo mti hauwezi kuitengeneza. Hauna mahali pa kuinasa hewani, na udongo ukikosa fosforasi, hata naitrojeni ya mti haitumiki vizuri.

Anayetaka uhakika zaidi anaweza kuchimba mfereji wa kina cha nusu mita upande mmoja wa mti, kwenye ukingo wa matawi, kabla ya kupanda. Mfereji unakata mizizi ya juu. Mahindi ya upande huo yakiwa bora kuliko ya upande mwingine, tatizo lilikuwa mizizi. Yakifanana na bado ni mabaya, tatizo ni kivuli, na dawa yake ni kupandisha kilele kwa kukata matawi ya chini. Na wakati wa kuvuna, mahindi ya mita 2, 6, 12 na 20 kutoka shinani yavunwe na kupimwa kando kando, mistari yenye urefu sawa. Namba hizo nne zitamwonyesha kama mti unastahili kubaki, na umbali gani faida yake inafika.

Zitambadilishia pia matumizi ya mbolea. Kama chini ya mkababu mahindi yamekolea kijani bila kuongezwa kitu, mfuko wa urea usitawanywe shamba zima kwa usawa. Upelekwe nje ya matawi, ambako ndiko mahindi yana njaa, na chini ya mti iende mbolea ya kupandia yenye fosforasi tu. Hivyo mfuko mmoja unafika mbali zaidi, jambo ambalo ruzuku za mbolea zinazogawa kwa ekari hazijawahi kulizingatia.

Kwa mwenye shamba katika bonde ambako mikababu hujiotea, kazi ya kuanzia haigharimu shilingi. Kabla plau halijaingia msimu ujao, apite mstari kwa mstari, ahesabu machipukizi yaliyopo, achague yaliyo karibu mita 10 kutoka kwa mwenzake, ayachomekee vigingi virefu, na amwonyeshe mwenye maksai kila kimoja.